Chanzo cha polepole ndicho kinachopangia wengine mwendo

Tuanze na dashibodi moja yenye vyanzo vitano. Chanzo cha mauzo kinaulizwa mara 10, mara moja kwa kila tawi, na kila jibu huchukua kama sekunde 0.8. Stoo inaulizwa mara 8, sekunde 0.4 kila jibu. Hali ya seva, mara 12, sekunde 0.2. Mfumo wa fedha, mara 4, sekunde 1.5. Mwisho kuna mfumo wa tiketi za wateja, ambao una ombi moja tu lakini zito: sekunde 3 nzima.

Ukiyapanga maombi haya 35 yafuatane, moja likiisha ndipo lingine lianze, hesabu ni nyepesi: 8 za mauzo, 3.2 za stoo, 2.4 za seva, 6 za fedha, 3 za tiketi. Jumla sekunde 22.6. Mtu anabonyeza kitufe cha kusasisha, anakwenda kujaza maji, anarudi, na kiduara bado kinazunguka.

Karibu muda huo wote programu yako haifanyi kazi yoyote. Imekaa inangoja baiti zirudi kutoka kwenye mtandao. Hapo ndipo maombi yasiyosubiriana, yale ya asinkroni, yanapolipa: unatuma ombi, na badala ya kuganda ukingoja jibu lake unatuma la pili na la tatu, kisha unapokea kila jibu linapofika. Kwenye Python kazi hii hufanywa na `asyncio`, na maneno `async` na `await` yameingia katika lugha tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015. Mifano iliyo hapa ni ya Python na maktaba ya `httpx`, ila hesabu zake hazibadiliki ukihamia lugha nyingine.

Anayegundua hili kwa mara ya kwanza huyarusha maombi yote 35 kwa mkupuo kwa `asyncio.gather`, na dashibodi inashuka kutoka sekunde 22.6 hadi 3. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Tatizo linajitokeza upande wa pili wa waya: kila baada ya nusu dakika chanzo cha mauzo kinapigwa maombi 10 kwa wakati mmoja na seva zinapigwa 12, halafu wenye mifumo hiyo wanaanza kuuliza ni nani anayewagongea mlango kiasi hicho.

Cha kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya fujo hiyo haikuwa na faida yoyote.

Hesabu ya kurudi nyuma

Maombi yote yakienda pamoja, dashibodi haiwezi kumaliza kabla ya ombi lake la polepole kuliko yote. Hapa ni tiketi, sekunde 3. Ukiwa na njia 35 za kutuma au 350, jibu la tiketi litafika baada ya sekunde 3. Kwa hiyo kuzikimbiza seva zimalize kwa sekunde 0.2 hakukusaidii kitu, kwa sababu majibu yake yatakaa sekunde 2.8 yakimngoja mwenzao.

Basi geuza swali. Usiulize ni maombi mangapi unaweza kutuma kwa pamoja. Uliza ni machache kiasi gani yanayotosha ili chanzo hiki kimalize ndani ya zile sekunde 3 ambazo tayari huna budi kuzingoja.

Hesabu yake haina makuu. Gawanya sekunde 3 kwa muda wa jibu moja, kisha tupa desimali: umepata idadi ya zamu zinazoingia. Halafu gawanya idadi ya maombi kwa idadi ya zamu, ukipandisha juu: umepata maombi yanayotakiwa kuwa njiani kwa wakati mmoja. Mauzo: 3 gawanya kwa 0.8 ni zamu 3; maombi 10 kwa zamu 3 yanahitaji nafasi 4. Stoo: zamu 7, maombi 8, nafasi 2. Fedha: zamu 2, maombi 4, nafasi 2. Tiketi ina ombi moja, nafasi 1. Na seva, zile zilizokuwa zikipigwa 12 kwa mkupuo, zina zamu 15 kwa maombi 12, yaani nafasi 1 inatosha. Zinaweza kuulizwa moja baada ya nyingine, kistaarabu kabisa, na zikamaliza kwa sekunde 2.4, kabla tiketi hazijarudi.

Jumla ya maombi yaliyo njiani kwa wakati mmoja ni 10 badala ya 35, na dashibodi inamaliza kwa sekunde 3 zilezile.

Ni hesabu ya makadirio, kwa hiyo usiifanye msahafu. Majibu hayachukui muda sawa kila mara. Ukitumia wastani utajidanganya, maana wastani huficha yale majibu machache yanayochelewa. Rekodi muda wa kila jibu kwa siku moja ya kawaida, uyapange kuanzia la haraka, kisha chukua lile ambalo majibu 95 kati ya 100 yapo chini yake. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye hesabu. Kwa fedha, ambayo hapa imegota kwenye sekunde 3 kamili bila upenyo wowote, tofauti hiyo itaonekana mara moja. Hapo una mawili: kuiongezea nafasi moja, au kukubali kwamba siku nyingine dashibodi itachukua sekunde 3.5. Mimi ningekubali. Hakuna anayefanya uamuzi tofauti kwa sababu ya nusu sekunde.

Kila chanzo na mlango wake

Kinachotekeleza vikomo hivi ni `asyncio.Semaphore`. Ichukulie kama mlango wenye idadi maalumu ya nafasi: anayeingia anachukua nafasi, anayetoka anairudisha, na nafasi zikiisha waliobaki wanapanga foleni nje. Jambo la muhimu ni kwamba kila chanzo kiwe na mlango wake. Ukiweka mlango mmoja wa nafasi 10 kwa dashibodi nzima, siku tiketi na mauzo zikizorota zitazikalia nafasi zote, na seva zilizo nzima zitangoja kwenye foleni ambayo hazikuisababisha.

```python
import asyncio, time, httpx

VIKOMO = {"mauzo": 4, "stoo": 2, "seva": 1,
          "tiketi": 1, "fedha": 2}
milango = {c: asyncio.Semaphore(n) for c, n in VIKOMO.items()}

async def vuta(mteja, chanzo, url):
    async with milango[chanzo]:
        jibu = await mteja.get(url)
    jibu.raise_for_status()
    return jibu.json()
```

Ingawa tumezungumzia zamu kana kwamba nne zinaondoka pamoja na kurudi pamoja, mlango haufanyi kazi hivyo. Nafasi moja ikifunguka, aliye mbele ya foleni anaingia papo hapo. Ombi moja la mauzo likikwama sekunde 2, nafasi tatu zilizobaki zinaendelea kuwapitisha wengine. Ndiyo maana njia hii ni bora kuliko kuyakata maombi mafungu ya manne na kungoja kila fungu liishe, mtindo unaoonekana sana kwenye programu za watu na unaofanya kila fungu liende kwa mwendo wa mzembe wake.

Sasa, chanzo ni nini hasa? Watu wengi huweka mlango kwa kila anwani ya tovuti, na mara nyingi hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mauzo na fedha vinaweza kuwa na anwani mbili tofauti lakini nyuma vikasoma hifadhidata moja. Ukivipa milango miwili, hifadhidata hiyo inapokea 4 na 2, yaani 6, na vikomo vyako havielezi ukweli. Mlango ufuate kile kinachoelemewa, si jina linaloandikwa kwenye anwani. Kwa sababu hiyohiyo kikomo cha `limit_per_host` kilichopo kwenye maktaba ya `aiohttp` ni kizuri kama kinga ya ziada, lakini hakiwezi kujua kilicho nyuma ya anwani. Na kumbuka kwamba usipokigusa hakizuii kitu: thamani yake ya mwanzo ni 0, maana yake bila kikomo, huku kikomo cha jumla kikiwa miunganisho 100. `httpx` nayo huanza na miunganisho 100 kwa jumla na haina kabisa kikomo cha kila anwani.

Kwenye `httpx` kuna jambo dogo linalokula muda bila kuonekana. Kufungua muunganisho mpya wa HTTPS kunahitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi kabla ombi lenyewe halijatumwa. Ndiyo maana mteja mmoja, `AsyncClient`, anapaswa kuishi muda wote programu inapoishi, badala ya kuundwa upya kila raundi. Hata hivyo, muunganisho uliokaa bure hufungwa baada ya sekunde 5 usipobadilisha. Dashibodi inayosasishwa kila sekunde 30 itaikuta miunganisho yote imeshafungwa, na kila raundi itaanza upya. Panua muda huo:

```python
mteja = httpx.AsyncClient(
    timeout=httpx.Timeout(5.0),
    limits=httpx.Limits(max_connections=20,
                        keepalive_expiry=45),
)
```

Seva ya upande wa pili nayo ina muda wake wa kufunga, kwa hiyo usishangae ukiona baadhi ya vyanzo havibadiliki hata baada ya marekebisho haya.

Pale ambapo kuongeza nafasi hakuongezi kasi

Tuseme wenye mfumo wa tiketi wamelitengeneza ombi lao na sasa linarudi kwa sekunde 1.5. Ni kishawishi kikubwa kutaka dashibodi nzima nayo iwe sekunde 1.5. Rudia hesabu: stoo inahitaji nafasi 3, seva 2, fedha 4, na mauzo 10. Kupunguza muda kwa nusu kumepandisha maombi yaliyo njiani kutoka 10 hadi 20, na mzigo mkubwa zaidi umeangukia chanzo kimoja. Mauzo yameruka kutoka 4 hadi 10.

Kabla ya kuandika 10, pima. Endesha raundi kadhaa kikomo cha mauzo kikiwa 1, kisha 2, 4 na 8, saa ambayo chanzo hakina shughuli nyingi na wenyewe wakiwa wanajua. Kila mara andika muda wa jibu moja. Tuseme umepata sekunde 0.8 kwa nafasi 1, 0.8 kwa nafasi 2, 0.85 kwa nafasi 4, na 1.6 kwa nafasi 8. Soma namba hizo hivi: kwa nafasi 4 unapata majibu 4 kila sekunde 0.85, karibu 4.7 kwa sekunde. Kwa nafasi 8 unapata majibu 8 kila sekunde 1.6, yaani 5 kwa sekunde. Umeongeza maombi mara mbili na faida ni kiduchu. Zile nafasi nne za ziada hazikuhudumiwa haraka, zilihamia tu kwenye foleni iliyo ndani ya chanzo, mahali usipoiona.

Uhusiano huu una jina, sheria ya Little, ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuhudumiwa mara muda anaokaa kila mmoja. Kasi ikigota, kila unayemwongeza ndani anarefusha muda wa wote. Na chanzo kama hiki mara nyingi hugota kwa sababu ya kawaida sana, kwa mfano kina miunganisho minne tu kwenda kwenye hifadhidata yake. Ukituma 10, sita zinakaa benchi.

Kwa kasi ya majibu 5 kwa sekunde, maombi 10 ya mauzo yanahitaji sekunde 2 hata ukifanya nini. Sekunde 1.5 haipatikani kwa njia ya nafasi. Hapo badilisha ombi lenyewe: je, chanzo kinaweza kupokea matawi kumi katika ombi moja? Mara nyingi kinaweza, na ombi moja la sekunde 1.2 ni afadhali kwa kila mtu kuliko kumi ya sekunde 0.8. Kisipoweza, kubali sekunde 2, weka 2 kuwa lengo jipya, na uyapange mengine kwa lengo hilo.

Nafasi si kasi kwa dakika

Mlango unahesabu walio ndani, hauhesabu waliopita. Fedha ikiwa na nafasi 2 na majibu ya sekunde 1.5, haiwezi kupokea zaidi ya maombi 1.3 hivi kwa sekunde. Lakini siku wataalamu wao wakiiharakisha hadi sekunde 0.1, nafasi zilezile 2 zitapitisha maombi 20 kwa sekunde iwapo foleni ni ndefu. Chanzo kikiwa na sharti la, tuseme, maombi 60 kwa dakika, ni hesabu nyingine, nayo ifanyike kando.

Kwa dashibodi moja inayosasishwa kila sekunde 30, fedha inapata maombi 4 mara 2, yaani 8 kwa dakika. Iko mbali na 60. Lakini ikiwa kila anayefungua dashibodi anaanzisha raundi yake mwenyewe, watu 10 wakiifungua asubuhi ni maombi 80 kwa dakika, na majibu ya 429 yanaanza kumiminika. Hiyo ni namba ya HTTP yenye maana kwamba maombi yamezidi, na iliwekwa rasmi na RFC 6585 mwaka 2012.

Vilevile, mlango wa `asyncio` unaishi ndani ya mchakato mmoja tu. Ukiiendesha programu yako kwa michakato minne, kama ilivyo kawaida kwenye seva za wavuti, kila mmoja una milango yake, na ile 4 ya mauzo inakuwa 16 bila mtu kubadilisha mstari hata mmoja. Kosa hili ni gumu kuliona kwa sababu kwenye kompyuta ya mwandishi kuna mchakato mmoja na kila kitu kiko sawa.

Dawa ya yote mawili ni moja: tenganisha kuvuta na kuonyesha. Mchakato mmoja peke yake unavuta kila sekunde 30 na kuweka matokeo mahali pa pamoja, Redis au hata jedwali la kawaida. Kurasa za watazamaji zinasoma kutoka hapo. Watazamaji wakiwa 10 au 1,000, fedha inapata maombi 8 kwa dakika. Kitufe cha kusasisha, kama lazima kiwepo, kisome upya kutoka hapo pia, kisiende kwenye chanzo.

Na raundi zisipandane. Ukitumia saa inayopiga kila sekunde 30 bila kujali kama raundi iliyopita imekwisha, siku chanzo kikizorota raundi ya pili itaanza juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, na chanzo kilichokuwa kinachechemea kitaanguka kabisa. Afadhali mzunguko ungoje raundi iishe, kisha upumzike kwa muda uliobaki:

```python
async def mzunguko(mteja, maombi):
    while True:
        mwanzo = time.monotonic()
        await raundi(mteja, maombi)
        ilichukua = time.monotonic() - mwanzo
        await asyncio.sleep(max(5, 30 - ilichukua))
```

Zile sekunde 5 za chini kabisa ni pumzi ya lazima kwa vyanzo, hata raundi ikiwa imechelewa vipi.

Muda wa kukata, na unapoanzia

Dashibodi haiwezi kungoja milele, kwa hiyo raundi nzima inahitaji mwisho. Sekunde 8 zinatosha kwa raundi ya kawaida ya sekunde 3. Watu hufikiria kuifunga `gather` ndani ya `asyncio.wait_for`, na hapo wanapoteza kila kitu: muda ukiisha, `gather` nzima inafutwa, pamoja na yale majibu 34 yaliyokwisha kufika. Ukitumia `asyncio.wait` unapata mafungu mawili, yaliyo tayari na yaliyobaki, na unayachukua yaliyo tayari. Ila `wait` haiyafuti yaliyobaki. Usipoyafuta mwenyewe yataendelea kushikilia nafasi za mlango hadi raundi ijayo.

```python
hifadhi = {}

async def raundi(mteja, maombi):
    kazi = {asyncio.create_task(vuta(mteja, c, u)): (c, u)
            for c, u in maombi}
    tayari, bado = await asyncio.wait(kazi, timeout=8)
    for k in bado:
        k.cancel()
    await asyncio.gather(*bado, return_exceptions=True)
    for k in tayari:
        if k.exception() is None:
            hifadhi[kazi[k]] = (time.time(), k.result())
```

`TaskGroup`, iliyoingia na Python 3.11, ni nzuri kwa kazi nyingi lakini si kwa hii, kwa kuwa kazi moja ikishindwa inazifuta nyingine zote. Kwenye dashibodi tunataka kinyume chake: tiketi zikianguka, mauzo yaendelee kuonekana.

Muda wa ombi moja nao una mtego. Ile `timeout=5.0` ya `httpx` si sekunde 5 za ombi zima. Inahesabiwa kando kwa kuunganisha, kwa kuandika, kwa kusoma, na kwa kungoja muunganisho ndani ya hazina yake. Katika kusoma, saa huanza upya kila kipande cha data kinapofika, hivyo chanzo kinachodondosha baiti chache kila sekunde 4 kinaweza kukushika dakika nzima bila kosa lolote. Ukitaka mwisho wa kweli, zungushia `asyncio.timeout(6)`, na uiweke ndani ya mlango, baada ya `async with`. Ukiiweka nje, muda wa kupanga foleni unahesabiwa ndani yake, na siku ya msongamano utaona maombi yaliyokufa kwa kuchelewa wakati hayajatumwa kamwe. Logi zitakilaumu chanzo, na chanzo hakikuyaona.

Kufuta ombi upande wako pia hakumaanishi kwamba upande wa pili wameacha kazi. Muunganisho unakatika, lakini swali zito lililokwisha ingia kwenye hifadhidata yao mara nyingi huendelea hadi mwisho. Ukilikata la tiketi kwenye sekunde ya 6 na kulituma tena papo hapo, sasa wana mawili. Kwa sababu hiyo, kwenye dashibodi inayojisasisha, nashauri usirudie ombi lililoshindwa ndani ya raundi ileile. Raundi ijayo ndiyo jaribio la pili, na iko sekunde 30 tu mbele.

Jibu likiwa 429 au 503, angalia kichwa cha `Retry-After`. Kinaweza kuwa na idadi ya sekunde au tarehe kamili, kwa hiyo uwe tayari kusoma zote mbili. Weka saa hiyo kwa chanzo kizima, si kwa ombi moja, kwa maana likipumzika ombi moja huku wenzake watatu wakiendelea kugonga, chanzo hakijapumzika. Kabla ya kutuma, `vuta` iangalie kama chanzo kiko mapumzikoni na kama kipo irudi bila kutuma. Sehemu hiyo ya dashibodi ionyeshe thamani ya mwisho iliyofaulu na umri wake: "dakika 2 zilizopita". Ndiyo maana msimbo wa hapo juu unahifadhi `time.time()` pamoja na jibu. Namba ya zamani isiyoonyesha umri wake ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu mtu ataiamini.

Kutambua ugonjwa kwa namba mbili

Kwa kila ombi rekodi nyakati tatu: lilipoanza kupanga foleni, lilipoingia mlangoni, na lilipomaliza. Tofauti ya kwanza ni muda wa foleni yako, ya pili ni muda wa chanzo. Foleni ikiwa ndefu na chanzo kikijibu haraka kama siku zote, kikomo chako ni kidogo, na kama chanzo hicho ndicho kinachochelewesha raundi unaweza kukiongeza. Muda wa chanzo ukipanda kila unapoongeza kikomo, umekielemea, rudi nyuma. Muda wa chanzo ukipanda bila wewe kugusa kitu, kuna mtu mwingine anayekitumia, au kina matatizo yake.

Kuna hali ya nne inayowababaisha wengi: vyanzo vyote vitano vinaonekana kupungua kasi kwa pamoja, sekunde ileile. Vyanzo visivyohusiana haviugui pamoja. Aliyeugua ni programu yako. Kazi zote za `asyncio` zinaendeshwa kwenye uzi mmoja, na mtu akiita `requests.get` au `time.sleep` ndani ya `async def`, kila kitu kinasimama hadi hiyo iishe. Kuchambua JSON ya megabaiti nyingi kuna athari ileile. Iwashe programu na `PYTHONASYNCIODEBUG=1`, nayo itaandika kwenye logi kila hatua iliyoushikilia uzi zaidi ya milisekunde 100. Wito ambao huwezi kuubadilisha, kama maktaba ya zamani ya hifadhidata, upeleke kwenye uzi mwingine kwa `asyncio.to_thread`, bado ukiwa nyuma ya mlango uleule wa chanzo chake.